Glasi Mbili Zilizonasana: Kazi ya Baridi, Joto na Sabuni

Shughuli ikishaisha, glasi huoshwa kwa haraka, hupangwa moja ndani ya nyingine zikiwa bado na maji, na rundo zima likaingizwa kabatini. Kesho yake mtu anataka glasi moja, zinatoka mbili. Ya ndani imezama katika ya nje na haitaki kutoka. Anavuta, anazungusha, anazifunga kitambaa na kuvuta tena kwa nguvu zote. Hapo ndipo hatari ilipo. Kioo kikivunjika wakati misuli imekaza, mkono hausimami papo hapo. Unaendelea kwenda ulikokuwa ukienda, na sasa huko kuna makali. Mtu anaweza kukatika kano ya kidole kwa ajili ya chombo cha bei ndogo.

Njia salama inataka barafu, maji ya moto kiasi, kijiko cha sabuni ya maji na muda usiofika saa nzima. Wengi wameisikia, na wengi waliojaribu hawakufanikiwa, au walizivunja. Mara nyingi sababu ni kwamba waliifuata bila kujua kila kitu kinafanya kazi gani. Barafu na maji ya moto vina kazi yao, sabuni ina yake, na hakuna kimoja kinachoweza kufanya kazi ya mwenzake.

Tuanze na kinachozishika. Glasi za kupangana hazina ubavu ulionyooka wima. Ni nyembamba chini na pana juu, na upana huo huongezeka kidogo kidogo. Tuchukue glasi ya kawaida ya maji yenye kimo cha sentimita 12, upana wa sentimita 7.5 mdomoni na 6.3 kitakoni. Katika kimo cha milimita 120, upana umebadilika milimita 12, yaani moja kwa kumi. Ukiipachika glasi nyingine kama hiyo ndani yake, na unene wa kioo ukiwa milimita 2 na nusu, ya ndani itabaki imechomoza juu kwa sentimita 5 hivi, na mbavu zao zitakuwa zimegusana.

Mteremko mdogo namna hii ndio unaoshika. Mpini wa sururu hufanya vilevile: unaingizwa kwenye tundu la chuma, unagongwa mara chache, na bila gundi wala msumari unabaki humo mwaka mzima. Ubavu ukikaribia kuwa wima, msukumo mdogo wa kwenda chini hugeuka kuwa mbano mkubwa wa kwenda pembeni, na mbano huo huamsha msuguano unaozuia kitu kurudi kilikotoka. Kwa glasi yetu, mbavu zingeteleza na kuachana zenyewe iwapo tu msuguano ungekuwa mdogo kuliko sehemu moja ya ishirini ya mbano. Kioo safi kikavu kinachosuguana na kioo kingine kina msuguano unaokaribia kulingana na mbano wenyewe. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba kuvuta tu ni kazi ya kuchosha mikono.

Wanaofanya kazi za maabara wanalijua tatizo hili kuliko sisi wa jikoni. Vizibo vya kioo vya chupa za kemikali, na viungo vya vioo ambavyo mwanakemia huunganisha mtungi na mrija, vimesagwa kwa mteremko huohuo wa moja kwa kumi, kwa makusudi, ili vishike vizuri. Navyo hukwama. Dawa yao ya siku nyingi ni kuupasha joto mdomo wa chupa wakati kizibo kilichomo kingali baridi. Vyombo vya maabara, lakini, hutengenezwa kwa kioo kinachostahimili mabadiliko ya joto, ndiyo maana fundi wa maabara anaweza kuthubutu mambo ambayo glasi ya kabatini haiyawezi. Hilo nitalirudia, kwa sababu ndilo linalovunja glasi nyingi.

Mbali na mbano, wakati mwingine kuna mnyonyo. Glasi zikipangwa zikiwa za moto, hewa iliyobaki kati ya vitako viwili nayo ni ya moto. Utando wa maji baina ya mbavu huziba njia, kisha hewa ile inapoa na kutaka nafasi ndogo zaidi. Ikiwa ilikuwa nyuzi 60 na sasa ni nyuzi 28, shinikizo lake hushuka kwa karibu sehemu moja ya kumi, na hewa ya nje huisukuma glasi ya ndani kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 3. Ni sawa na mtu aliyekaa juu yake usiku kucha akiikandamiza taratibu. Ukivuta kwa ghafla, nafasi ile inapanuka, mnyonyo unaongezeka, nawe unajikuta unashindana na nguvu uliyoiamsha mwenyewe.

Sasa joto. Kioo, kama vitu vingi, hutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa. Tunataka glasi ya nje itanuke na ya ndani isinyae, kwa hiyo baridi iwe ndani na joto liwe nje. Anayekosea mpangilio huu anaifanya glasi ya ndani itanuke ndani ya glasi ya nje inayosinyaa. Si kwamba zinakaza tu. Glasi ya nje inavutwa kuzunguka ubavu wake wote, na kioo hukubali kubanwa lakini hakikubali kuvutwa. Ndiyo inayopasuka.

Je, inatanuka kiasi gani? Kioo cha glasi za kawaida, kile cha mchanga, magadi na chokaa, kikipanda nyuzi moja ya selsiasi huongezeka sehemu 9 tu katika kila sehemu milioni za urefu wake. Watu hupiga hesabu haraka wakisema: maji ya ndani ni nyuzi 3, ya nje ni 45, tofauti ni 42, basi. Lakini vioo viwili vinagusana, na joto linapita toka kimoja kwenda kingine muda wote. Sehemu ya tofauti ile hupotea kwenye maji yanayougusa ubavu kila upande, na sehemu nyingine hupotea ndani ya unene wa kioo chenyewe. Tofauti halisi kati ya glasi na glasi inabaki kama thuluthi hivi, tuseme nyuzi 15. Pale zinapogusana, penye upana wa sentimita 7, nyuzi 15 zinatoa nafasi isiyofika hata sehemu moja ya mia ya milimita.

Inaonekana si kitu. Ila hapa ule mteremko uliokuwa adui unageuka kuwa msaidizi. Kwa kuwa upana hubadilika moja kwa kumi, nafasi hiyo ya pembeni ni sawa na kuiinua glasi ya ndani mara kumi ya hapo, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Huo ni unene wa karatasi moja ya kuchapia. Mbano wenyewe nao ulitokana na kioo kujipinda kwa kiasi kidogo vilevile, kwa hiyo unene wa karatasi mara nyingi unatosha kuulegeza, na wakati mwingine kuumaliza kabisa. Usitegemee kuona mwanya. Hautaonekana.

Kazi ya sabuni ni nyingine kabisa. Haipunguzi mbano hata kidogo; inachopunguza ni msuguano, na pia inafungua njia. Maji matupu yana uso unaojivuta na kujikusanya, ndiyo maana tone husimama juu ya sahani yenye mafuta. Sabuni hupunguza mvuto huo hadi chini ya nusu, na maji yakapata uwezo wa kutambaa kwenye mianya ambayo maji matupu hayaipiti kwa urahisi, hasa palipo na alama za mafuta ya vidole au ya kupikia. Yakishafika, yanatenganisha kioo na kioo kwa utando unaoteleza. Hata hivyo msuguano haushuki hadi ile sehemu moja ya ishirini, ndiyo maana glasi zilizolowekwa kwenye sabuni peke yake huonekana hazijabadilika. Zimebadilika, ila zinasubiri mbano ulegee na mkono uzungushe.

Kabla ya kugusa maji yoyote, zikague glasi zote mbili kwenye mwanga. Zigeuze polepole karibu na dirisha. Ufa huonekana kama uzi wa fedha unaong'aa ukiwa pembe fulani na kupotea ukiwa pembe nyingine. Ukiuona, au ukikuta mdomo umemeguka, acha. Zifunge kwenye gazeti nene na uzitupe zikiwa pamoja. Kisha tazama zinagusana wapi. Mara nyingi ni pale mdomo wa glasi ya nje unapoukumbatia ubavu wa ile ya ndani, au chini kidogo ya hapo. Mahali hapo ndipo joto na baridi vinatakiwa kufika. Nimeona watu wakitumbukiza kitako tu kwenye maji ya moto huku mbano uko sentimita 6 juu yake.

Sabuni ndiyo itangulie. Changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya kuoshea vyombo na nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu. Usiimimine kama ilivyotoka chupani, kwa kuwa ni nzito na haiingii upesi, wala usitumie povu, maana povu kwa sehemu kubwa ni hewa. Sabuni ya unga ifae tu ikiwa imeyeyuka yote na kuchujwa. Chembe zake zikibaki huchora kioo, na mchoro mdogo kwenye kioo ndipo ufa unapoanzia. Simamisha glasi zikiwa wima na udondoshe mchanganyiko kuzunguka mfereji mdogo kati ya mdomo wa nje na ubavu wa ndani. Ziache nusu saa, ukiongeza matone mfereji ukikauka. Dalili nzuri ni vipovu vidogo vinavyopanda toka chini: hewa inatoka, maji yanaingia, na ule mnyonyo unakwisha bila wewe kuvuta.

Ndipo uandae baridi. Katika miji ya pwani, maagizo ya kutumia maji baridi ya bomba hayasaidii. Maji ya bomba ya Dar es Salaam au Mombasa wakati wa joto yanakaribia nyuzi 28 au 30, na hayo si baridi kwa kazi hii. Weka vipande vya barafu ndani ya glasi ya ndani pamoja na maji, yafike juu ya mahali zinapogusana, na uziache dakika tano. Glasi itatoka jasho kwa nje; hiyo ndiyo ishara kwamba baridi imepenya. Usiingize barafu kwenye glasi ambayo ilikuwa ya moto dakika chache zilizopita. Ikiwa zimetoka kuoshwa kwa maji ya moto, zipoe kwanza zenyewe mezani.

Kwa upande wa joto, chukua lita moja ya maji yaliyochemka na uichanganye kwenye beseni lenye lita tatu za maji ya bomba. Pwani utapata kama nyuzi 45. Nairobi, ambako maji ya bomba ni ya baridi zaidi na maji huchemkia karibu nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko, tumia lita mbili za bomba badala ya tatu na utafika karibu na hapohapo. Mkono unaweza kuingia kwenye maji hayo bila kuungua, ila hautapenda kukaa humo. Huo ndio mpaka wa jaribio la kwanza. Tandika kitambaa chini ya beseni ndani ya maji, ili kitako kisigonge.

Teremsha glasi taratibu mpaka maji yafike kama upana wa kidole chini ya mdomo wa glasi ya nje. Yasiuvuke, yasije yakauosha mfereji wa sabuni au kuingia kwenye barafu. Hesabu nusu dakika, si zaidi ya dakika moja. Joto hupita kwenye kioo cha milimita 2 au 3 kwa sekunde chache tu, na ukingoja sana barafu inayeyuka, ya ndani nayo inapata joto, na ile tofauti uliyoitafuta inapungua.

Zikiwa bado majini, vaa glavu nene au shika kila glasi kwa kitambaa kikavu, kisha zungusha. Hapa ndipo wengi hupoteza walichokipata, kwa sababu wanavuta. Msuguano hupinga kule kitu kinakoelekea. Glasi ikianza kuzunguka, hata kwa unywele mmoja, sehemu kubwa ya msuguano inakuwa imeshughulika na kuzuia mzunguko huo, na inayobaki kuzuia isipande juu ni ndogo sana. Kwa hiyo zungusha kidogo kulia, kidogo kushoto, na wakati inazunguka ndipo uinue kwa upole. Nguvu ya vidole itoshe. Ikihitaji bega, bado haijawa tayari. Mara nyingi utasikia sauti ya hewa ikivutwa ndani, na papo hapo ya ndani inakuwa nyepesi.

Ikikataa, mwaga maji yote, ziache zirudi kwenye joto la chumba, ongeza sabuni na uanze upya. Kuna sababu nzuri ya kurudia. Kama mtu aliingiza glasi ya baridi toka kabatini ndani ya glasi iliyotoka kuoshwa kwa maji ya nyuzi 50, ile ya nje ilisinyaa ilipopoa na kuibana ya ndani kwa tofauti ya zaidi ya nyuzi 20. Nyuzi 15 zako haziwezi kuumaliza mbano huo kwa mara moja. Zitaupunguza, sabuni itapenya sentimita nyingine, na safari ya pili itaanzia mahali pepesi zaidi. Unaweza kupandisha maji ya nje hadi nyuzi 50, lakini mimi sivuki hapo.

Sababu ni ileile ya kuvutwa. Uso mmoja wa kioo ukipata joto ghafla na mwingine ukabaki baridi, ule wa moto unataka kutanuka na kuuvuta ule wa baridi. Kwenye kioo chembamba, joto linawahi kufika upande wa pili kabla madhara hayajatokea. Kwenye kioo kinene haliwahi, na glasi zenye kitako kizito cha sentimita nzima ndizo zinazopasuka kwa urahisi kuliko zote, ufa ukianzia pale kitako kinapokutana na ubavu. Maji yanayochemka, kwa hiyo, hayana nafasi kwenye kazi hii. Kupoza ghafla ni kubaya zaidi kuliko kupasha ghafla, kwa sababu uso uliopoa ndio unaovutwa, na usoni ndiko kuliko na michubuko. Ukisikia mlio mkali mfupi wa kioo, hata mmoja, toa mikono. Usinyanyue kuangalia. Ngoja maji yapoe, uyamwage polepole, ndipo ukague.

Friza nayo iachwe. Wapo wanaozitia glasi zilizonasana usiku kucha wakidhani baridi kali itazisinyaza zitoke. Zote mbili husinyaa pamoja, kwa hiyo hakuna kinacholegea, na maji yaliyonaswa kati ya vitako yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Asubuhi unakuta vipande.

Glasi zilizokazwa kwa joto kiwandani, kama zile za Duralex za Ufaransa, zina hali yake. Uso wake umeachwa ukiwa umebanwa, kwa hiyo huvumilia tofauti kubwa zaidi ya joto, lakini zikishindwa haziachi ufa. Hulipuka vipande vidogo kwa mara moja. Kwa hizo glavu si hiari, na macho yakingwe pia. Vikombe vya kioo cha aina ya maabara, vile vyepesi vya chai vinavyouzwa kama vya kustahimili moto, hutanuka thuluthi tu ya kioo cha kawaida. Kikiwa ndicho kilichoko nje, kukipasha joto kunaleta faida kidogo, na tegemeo lako kubwa ni barafu iliyo ndani. Kikiwa ndani ya glasi ya kawaida, mambo yanageuka: barafu haisaidii sana, na maji ya nyuzi 45 kwa nje ndiyo yanayofanya karibu kazi yote.

Zikishaachana, zisuuze sabuni yote, kisha pitisha kipande cha pamba kavu kuzunguka midomo na mbavu. Pamba ikinasa nyuzi mahali popote, pana mmeguko usioonekana kwa jicho, na glasi hiyo isirudi mezani. Nyingine zikauke zikiwa zimeinamishwa, zipoe, na ikiwa nafasi ya kabati inakulazimisha kuzipanga, weka kipande cha karatasi kati ya moja na nyingine, kirefu kiasi cha kuning'inia nje ya mdomo. Unapokwenda dukani, kagua ndani ya glasi kabla ya kununua. Nyingine zina ngazi ndogo au duara lililotuna ubavuni, ambapo kitako cha glasi ya juu huketi kabla mbavu hazijakutana. Pachika mbili hapohapo dukani na uzitikise. Zinazogongana kidogo kwa sauti zimeketi kwenye ngazi, na zilizonyamaza kimya zimeshikana ubavu kwa ubavu.